Uko Hewani, Karibu

Kipindi cha kilimo cha Jumamosi asubuhi kimefika nusu. Bwana shamba yuko studio, simu za wasikilizaji zimefunguliwa, na mtangazaji anainua laini ya kwanza. Mazungumzo yanayofuata yamesikika mara nyingi sana kwenye redio za Afrika Mashariki, na huenda kila msomaji anaweza kuyamalizia mwenyewe:

— Haloo!
— Haloo.
— Haloo, nani mwenzetu?
— Haloo? Haloo?
— Nakusikia, taja jina lako na unapiga kutoka wapi.
— Shikamoo mtangazaji.
— Punguza sauti ya redio yako, ndugu msikilizaji.
— Eeh?
— Redio! Punguza redio!

Hapo redio inasikika ikiburutwa mezani, mtoto anaitwa aje kuizima, na sauti ya mtangazaji inajirudia kwa mwangwi ndani ya nyumba ya mpiga simu. Nusu dakika imekwenda. Mama aliyepiga simu kutoka Kilosa kuuliza kwa nini mahindi yake yanatobolewa majani bado hajalitaja hindi hata moja, na salio lake linazidi kupungua. Shikamoo yake nayo imebaki hewani bila marahaba.

Watangazaji wengi huamini kwamba kasoro hii ni ya mpiga simu: ana woga, hajazoea redio, hajui kujieleza. Mara nyingi si hivyo. Kinachomkwaza ni jinsi alivyopokewa, pamoja na mambo mawili ya kiufundi ambayo mpiga simu hana njia ya kuyajua na mtangazaji anapaswa kuyajua.

La kwanza ni ucheleweshaji wa simu. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha mazungumzo katika lugha 10 za mabara mbalimbali, na wakaona kwamba watu wanapopokezana maneno, pengo kati ya mwisho wa swali na mwanzo wa jibu ni dogo mno, kwa wastani kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Ndiyo maana kimya cha sekunde nzima humshtua aliyeuliza. Sasa ongeza simu ya mkononi. Sauti ya mtangazaji hupita kwenye mitambo kabla ya kufika Kilosa, na jibu hupita huko huko likirudi. Tuseme kila safari inachukua sehemu mbili za kumi za sekunde, jambo la kawaida kabisa kwa simu za mkononi. Mama akijibu kwa pengo lile la kawaida, mtangazaji atasikia kimya cha sehemu sita za kumi, yaani mara tatu ya alichozoea. Masikio yake yanamwambia kwamba mtu hayupo. Anarudia “haloo”, na wakati uleule jibu la mama linafika, sauti zinagongana, wote wawili wananyamaza kupishana, kisha wote wanaanza tena pamoja.

Mlolongo wa haloo-haloo huzaliwa hapo. Neno “haloo” lenyewe linauchochea, kwa sababu halina kitu cha kujibiwa isipokuwa “haloo” nyingine. Dawa yake ni kuanza na jina la mpiga simu, kuuliza jambo moja tu, kisha kunyamaza. Mtangazaji ahesabu kimoyomoyo “moja, mbili” kabla ya kufungua mdomo tena. Kwake hesabu hiyo ni ndefu kama foleni ya benki, lakini msikilizaji wa nyumbani hasikii kasoro yoyote. Anasikia mtu akipewa nafasi ya kujibu.

La pili ni hiyo redio iliyoburutwa mezani. Mpiga simu aliyeacha redio wazi husikia maneno yake mwenyewe yakimrudia kupitia spika, yamechelewa kidogo. Tangu mwaka 1950, pale Bernard Lee wa Marekani alipoandika juu ya jambo hili, inajulikana kwamba mtu akisikia sauti yake imechelewa kwa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde, ulimi wake huvurugika: huvuta maneno, hurudia silabi, hukwama kama mwenye kigugumizi. Hata msomaji mahiri wa habari akivalishwa hedifoni zenye ucheleweshaji huo atababaika. Kwa hiyo, mpiga simu anapoanza kusema “ni-ni-nilikuwa na-nauliza”, mtangazaji asimwambie atulie wala asiogope. Amwambie azime redio au asogee mbali nayo, hadi nje ya nyumba ikibidi, kwa kuwa huenda redio inayosikika ni ya duka la jirani.

Lakini maneno hayo hayana nafasi katika salamu. Yanapaswa kuwa yamesemwa kabla. Mtu anayeambiwa hewani, mbele ya wilaya nzima, kwamba redio yake inapiga kelele ameanza mazungumzo kwa kukaripiwa, na kutoka hapo huongea kama mwanafunzi aliyechelewa darasani. Kazi hiyo ni ya mtayarishaji, au yeyote anayepokea simu nje ya hewa, na haizidi nusu dakika: tukuite nani hewani, uko wapi, unataka kuuliza nini kwa sentensi moja, redio umezima? Kisha sentensi ya mwisho, ambayo vituo vingi huisahau na ambayo huokoa mengi: “Ukisikia mtangazaji anataja jina lako, ujue uko hewani, jibu moja kwa moja.” Bila sentensi hiyo mpiga simu aliyesubiri dakika tano, akisikia sauti mpya kwenye simu, hana namna ya kujua kama huyo ni fundi mitambo mwingine au ni wilaya nzima inamsikiliza.

Siku hizi vituo vingi husikika pia kwa mtandao, na hapo tahadhari moja inaongezeka. Matangazo ya FM hufika karibu papo hapo, lakini yale ya aplikesheni yanaweza kuchelewa kwa makumi ya sekunde. Msikilizaji anayepiga kutoka Maskati au Minnesota huku akifuata kipindi kwa aplikesheni atasubiri kusikia jina lake humo, na litakapofika mtangazaji atakuwa ameshakata tamaa na kuhamia laini nyingine. Aambiwe mapema: sikiliza simu tu, hayo mengine zima.

Katika redio ndogo ya jamii mtangazaji huwa peke yake, anaendesha mitambo, anasoma matangazo ya vifo na kupokea simu yeye mwenyewe. Naye anaweza. Apokee simu wimbo unapopigwa, aulize maswali yaleyale manne, aandike jina na mahali kwenye karatasi, kisha aiweke simu isubiri. Kupokea simu mpya moja kwa moja hewani ni kubahatisha, na anayelipia bahati mbaya ni mpiga simu.

Baada ya maandalizi hayo, salamu yenyewe inakuwa fupi. Turudi Kilosa. Mtayarishaji ameandika kwenye kikaratasi: “Mama Neema, Kilosa, mtu mzima, viwavi kwenye mahindi.” Neno “mtu mzima” ameliweka kwa sababu mama huyo alimwita “mwanangu” alipopokewa. Mtangazaji, safari hii kijana wa miaka 26, anapandisha sauti ya laini na kusema:

— Mama Neema wa Kilosa, uko hewani pamoja na bwana shamba. Shikamoo mama.
— Marahaba baba, hujambo?
— Sijambo mama. Mahindi yako yamepatwa na nini?
— Baba, majani yametobolewa, na pale katikati pana kitu kama unga wa mbao…

Zimepita kama sekunde 10, na bwana shamba ameshaanza kuandika, maana unga huo katikati ya mmea ni kinyesi cha kiwavi, dalili anayoitafuta yeyote anayeshuku viwavijeshi vamizi, wadudu walioingia Tanzania mwaka 2017. Kila neno la mtangazaji limefanya kazi. Jina na mahali vimemwamsha mama na kumtambulisha kwa wasikilizaji, hivyo hakuna haja ya “nani mwenzetu”. “Uko hewani” imemwondolea shaka. “Pamoja na bwana shamba” imemjulisha nani mwingine anamsikia, asije akashtuka sauti ya pili ikiingia. Swali la mwisho limetaja mahindi, kwa hiyo mama hakuhitaji kutafuta pa kuanzia. Mtangazaji angesema “karibu, tuambie”, mama angeanza na mvua za msimu uliopita.

Shikamoo ndiyo sehemu inayotaka uangalifu zaidi katika kazi hii yote.

Kwa Waswahili salamu ni mnyororo: hujambo, habari za asubuhi, wazima huko, watoto je. Redio haiwezi kuubeba mnyororo mzima kwa kila simu, lakini haiwezi pia kuukata katikati. Jozi moja ya salamu inatosha, mradi ikamilike, iliyotolewa ijibiwe. Mpiga simu akianza na shikamoo, basi marahaba isikike wazi, peke yake, kabla ya neno lingine lolote. Hapa tena ucheleweshaji wa simu huleta madhara: mtangazaji amesema “karibu uulize swali”, na shikamoo ya mpiga simu imetua juu ya maneno hayo. Wengi huipuuza kwa kudhani imepitwa. Wasikilizaji wazee hawaoni hivyo. Wanasikia mtu ametoa heshima na hakupewa jibu. Mtangazaji arudi nyuma kwa neno moja tu, “marahaba”, kisha aendelee.

Nani aanze? Kwenye simu umri haujulikani kirahisi, na sababu yake ni ya kiufundi. Simu ya kawaida hupitisha sauti kuanzia takriban hezi 300 hadi 3,400, ilhali mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanaume huwa karibu na hezi 100 na wa mwanamke karibu na 200. Uzito wa sauti, ambao kwa sehemu kubwa ndio humsaidia mtu kukisia kama anaongea na mzee au kijana, mwanaume au mwanamke, unakatwa njiani. Sikio hujaribu kuujaza, na mara nyingine hukosea. Mwanamke mwenye sauti nzito akiitwa “kaka” mbele ya wasikilizaji wote, swali lake limeharibika kabla halijaulizwa. Kwa hiyo mtangazaji asikisie kwa sauti: asome kikaratasi. Kikaratasi kikiwa kimya kuhusu umri, jina tupu na “habari za Kilosa?” zitamfaa yeyote, mzee au kijana, na mpiga simu atakapojibu, lugha yake itaonyesha anasimama wapi. Akisema “nzuri mwanangu”, shikamoo ifuate hapo hapo. Haijachelewa.

Mahali napo pana lake. Unguja, Pemba na Mombasa wengi watafungua kwa “assalaam alaikum”, na jibu lake ni “waalaikum salaam” iliyokamilika, si “ndiyo, karibu”. Kwenye redio za Kikatoliki mpiga simu akianza na “Tumsifu Yesu Kristo” anangoja “milele na milele, amina”. Kwenye kituo cha vijana jijini, “mambo” hujibiwa “poa” na maisha yanaendelea, ila mtangazaji asiianzishe mwenyewe kabla hajamjua aliye upande wa pili. Mzee wa miaka 70 anayepiga simu kuuliza juu ya pensheni hastahili kupokewa na “mambo vipi” ati kwa sababu kipindi kilichotangulia kilikuwa cha muziki.

Halafu kuna mpiga simu anayesalimu ukoo mzima. “Nakusalimu wewe mtangazaji, namsalimu fundi mitambo, mgeni wetu studio, na mke wangu aliyeko shambani…” Vijana wa studio humkatiza kwa pupa. Wakumbuke alikotoka. Zamani, kabla sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 haijafungua milango kwa redio binafsi Tanzania, na kabla simu haijaingia kila mfuko, msikilizaji wa kawaida aliingia redioni kwa kadi ya salamu. Aliinunua, akajaza jina lake na majina ya aliowakusudia, akaituma kwa posta na kungoja kwa siku nyingi isomwe. Kwa kizazi hicho kusalimu ndiko kulikuwa kushiriki kwenyewe. Mtu wa namna hiyo asikatwe. Aachwe afike mwisho wa pumzi, kisha mtangazaji afunge salamu kwa sentensi inayomsogeza mbele: “Zimefika zote, mzee wangu. Bwana shamba anakusikiliza, tueleze hao kuku.” Anayejua salamu zake zimepokelewa haoni sababu ya kuzirudia.

Yote hayo yanamhusu mpiga simu anayefurahi kutajwa. Yupo mwingine. Kwenye vipindi vya afya, ndoa na sheria, mazoea ya kudai “jina lako na unapiga kutoka wapi” hewani yanaweza kumletea mtu madhara. Mama anayeuliza kuhusu dawa za kufubaza virusi, au binti anayesimulia kipigo cha mumewe, hafichiki kwa kutaja jina moja na kijiji. Kijijini jina moja na kazi ya mume vinatosha. Vipindi hivyo salamu yake ibadilike kabisa: “Msikilizaji wetu wa mkoa wa Morogoro, uko hewani na daktari. Habari za asubuhi?” Jina halitajwi, wilaya haitajwi. Mtayarishaji amwulize mapema, “tukuite kwa jina au bila jina?”, maana mpiga simu akiulizwa hewani huona aibu kukataa na hujikuta amelitaja. Akiwa amejisahau na kusema “mimi mama fulani wa mtaa fulani”, mtangazaji asilirudie jina hilo kwa nia ya kumchangamkia. Amjibu “karibu mama” na aende kwenye swali. Jina likisemwa mara moja kwa sauti ya simu laweza kuwapita wengi, lakini mtangazaji akilirudia kwa sauti safi ya studio limefika kila mahali.

Na laini ikikataa? Mtangazaji ameita “Mama Neema wa Kilosa, uko hewani”, amehesabu mbili, kimya. Asikilize hicho kimya ni cha namna gani. Akisikia kuku, pikipiki, watoto au mtu akikohoa, laini ipo hai na mama hajatambua kwamba zamu imefika. Aite jina mara ya pili, polepole, na aongeze “nakusikia, unaweza kuongea”. Akisikia ukimya mkavu usio na chochote nyuma yake, mara nyingi simu imekatika, na kuita mara tano hakutairudisha. Aseme “laini ya Mama Neema imekatika, tutampigia”, ageukie mgeni au simu nyingine, na mtayarishaji ampigie kweli. Ahadi hiyo ikitolewa hewani kila wiki bila kutimizwa, wasikilizaji huacha kupiga simu. Vituo vyenye uwezo hufanya vizuri zaidi kwa kumwambia mpiga simu akate tangu mwanzo na kumpigia wao zamu yake inapokaribia. Anayebipu kwa sababu hana salio naye anapata kuuliza.

Mwangwi ukisikika kwenye simu, chanzo ni kimoja kati ya viwili. Ukija pamoja na muziki au kelele za nyumba ya mpiga simu, ni redio yake. Lakini kama kila mpiga simu siku hiyo analalamika “najisikia mwenyewe”, redio za nyumbani hazina hatia. Studio ndiyo inayomrudishia mpiga simu sauti yake. Inavyotakiwa, simu ipelekewe kila kinachosikika hewani isipokuwa sauti ya mpiga simu mwenyewe, na fundi mitambo ndiye anayeliweka hilo sawa kwenye mashine ya kuchanganya sauti. Kuwaambia watu kumi wazime redio zao wakati kosa liko mezani kwa fundi ni kuwaonea.

Yako maneno ambayo ni heri yatoke kwenye salamu kabisa. “Una dakika moja tu” humfanya mtu aanze kukimbia kabla hajasimama. Muda unaweza kuelezwa na mtayarishaji nje ya hewa. “Hongera umebahatika kupata laini” humgeuza mwenye swali kuwa mshindi wa bahati nasibu, naye hujibu kwa kushukuru kwa sekunde 15. “Haya sema” husikika kama amri ya polisi kituoni, hata ikitamkwa kwa tabasamu, kwa sababu tabasamu halionekani redioni na simu imeshakata nusu ya utamu wa sauti.

Mtangazaji anayetaka kujua anavyofanya arekodi kipindi chake kijacho, achukue simu 10 za kwanza, na kwa kila moja ahesabu sekunde kuanzia jina linapotajwa mpaka mpiga simu atamke neno la kwanza la jambo lililomleta: hindi, mkojo, mirathi, barabara. Aandike pia shikamoo ngapi zilipata marahaba na mara ngapi neno redio lilisemwa hewani. Simu zikifika kwenye jambo ndani ya sekunde 10 hadi 15, kazi ni nzuri. Zikivuka 20 simu baada ya simu, marekebisho yaanzie kwa anayepokea simu nje ya hewa na kwenye kile kikaratasi anachompa mtangazaji, kabla ya kumlaumu mtu yeyote aliyeko Kilosa.